Barua pepe ya kumtumia msimamizi sura ya kwanza ya tasnifu: namna ya kuuliza ili ujibiwe

Msimamizi akipokea barua pepe inayosema "Habari Dokta, naomba unipitie sura yangu ya kwanza", hana pa kuanzia zaidi ya ukurasa wa kwanza, na hapo husahihisha chochote anachokutana nacho. Anakutana na koma, herufi kubwa zilizosahaulika, mwaka wa rejeo usiolingana. Akifika ukurasa wa sita anaitwa kwenye kikao cha idara. Wiki tatu baadaye sura inarudi ikiwa na wekundu mwingi kurasa tano za mwanzo, weupe mtupu hadi mwisho, na chini kabisa maneno "Vizuri, endelea na sura ya pili." Mwanafunzi anashukuru Mungu. Siku ya kutetea pendekezo ndipo mjumbe wa jopo anamuuliza lengo lake la tatu linahusiana vipi na tatizo alilolitaja, naye hana la kujibu.

Ukitaka kujua kama yamekukuta, fungua sura iliyorudi uangalie maoni yamekaa wapi. Yakiwa mengi mwanzoni na kupungua kadiri kurasa zinavyosonga, na karibu yote yakihusu lugha, msimamizi alisoma bila kujua unataka nini. Wengi wetu tunaosimamia tuna wanafunzi kadhaa kwa wakati mmoja, tuna mitihani ya kusahihisha na vipindi vya kufundisha. Barua inayotuonyesha pa kutazama hujibiwa mapema, na hujibiwa kwa kina.

Mfano nitakaotumia nimeutunga, ila wa aina hii tunaupata kila mwaka hapa Moshi: mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaandika kuhusu wanachama wa vyama vya ushirika vya kahawa, yaani AMCOS, wanaouza kahawa yao nje ya chama, katika wilaya za Hai na Moshi. Sura ya kwanza imekamilika kiasi, kurasa 19. Sasa anataka kuituma.

Kwanza, jua una shaka gani

Kazi hii hufanyika kabla ya kufungua barua pepe, na ndiyo inayochukua muda. Chukua karatasi moja. Nakili humo vitu vitatu tu kutoka kwenye sura: kichwa cha utafiti, tamko la tatizo na malengo mahsusi. Acha usuli, acha umuhimu wa utafiti. Kisha soma kila lengo ukijiuliza: sentensi ipi kwenye tamko la tatizo inayolidai lengo hili? Chora mstari kuunganisha. Lengo lisilopata mstari ni shaka ya kwanza. Sentensi ya tatizo isiyopata lengo ni shaka nyingine.

Mwanafunzi wetu akifanya hivyo anaona mambo matatu. Tamko lake la tatizo limebeba sababu mbili kwa pamoja: malipo ya pili yanayochelewa baada ya kahawa kuuzwa mnadani, na wanachama kutowaamini viongozi wa chama. Lengo la tatu linazungumzia wanawake kushiriki mafunzo ya kilimo cha kahawa, na halipati mstari popote. Tena eneo la utafiti ni wilaya mbili, ilhali nauli na muda alionao vinamtosha kufika AMCOS nne tu.

Anayo mashaka mengine: usuli umekuwa mrefu, historia ya ushirika Kilimanjaro tangu chama kikuu cha KNCU kianzishwe mwaka 1933 imekula kurasa nne, na hajui kama aanze na Afrika Mashariki au aanze na dunia. Hayo ayaweke pembeni. Usuli ukirefuka utakatwa siku yoyote. Tatizo likikosewa, sura ya pili na ya tatu zitajengwa juu ya kosa. Ndiyo maana nashauri maswali yasizidi matatu, na yawe yale ambayo jibu lake litabadilisha kinachofuata. Ukiuliza kumi, msimamizi atajibu mepesi manne aahidi mengine, na aghalabu mepesi ndiyo yasiyokusaidia.

Swali ambalo jibu lake limo kwenye mwongozo wa chuo wa uandishi wa tasnifu lisiulizwe kabisa. Ukubwa wa herufi, pambizo, mtindo wa marejeo: yote yameandikwa humo. Kuyauliza kunamwambia msimamizi kwamba hujaufungua.

Pili, ligeuze shaka kuwa swali linalojibika

Hapa ndipo barua nyingi zinapoanguka. "Je, tamko la tatizo liko sawa?" ni swali linaloruhusu jibu la neno moja, na neno lenyewe huwa ni "liboreshe". Utaliboreshaje? Hujui, wala aliyejibu hakulazimika kufikiri.

Swali zuri lina vitu vinne ndani yake: liko ukurasa gani, umefanya nini hapo, unaelekea upande gani na kwa nini, na hofu yako ni ipi. Kile cha tatu ndicho wanafunzi wanachokiogopa. Wanadhani kusema "naelekea kubaki na malipo peke yake" ni kumfundisha mkubwa kazi. Sivyo. Msimamizi akikuta msimamo anaweza kuukubali, kuupinga au kuurekebisha kwa sentensi mbili akiwa kwenye daladala. Asipoukuta inabidi aanze kukufikiria wewe, data zako na muda wako tangu mwanzo, na hiyo kazi ataiahirisha mpaka apate nafasi ya kutulia, ambayo haiji.

Linganisha. Mwanafunzi angeweza kuandika: "Naomba ushauri kuhusu eneo la utafiti." Au angeweza kuandika: "Uk. 12 nimetaja wilaya mbili, Hai na Moshi. Uwezo wangu ni AMCOS nne. Naelekea kubaki Hai peke yake ili nipate wanachama wengi katika kila chama, ila nahofia jopo litasema eneo ni dogo. Nibaki Hai?" Swali la pili linajibika kwa "Ndiyo, baki Hai, ila eleza kwa nini umeichagua", na jibu hilo tayari ni kazi ya wiki nzima iliyookolewa.

Tatu, sema kipi kisisomwe

Mwambie msimamizi sehemu zipi bado hazijaiva ili asizimalizie nguvu. "Sehemu ya 1.7 bado ni rasimu, na marejeo sijayapanga" inatosha. Usiombe radhi kwa aya nzima. Wala usiigeuze kuwa kichaka cha uzembe: sura iliyojaa makosa ya tahajia hadi kwenye kichwa haitetewi na sentensi hiyo. Pitia tahajia, hakikisha namba za kurasa zipo na yaliyomo yanalingana nazo, ndipo useme kilichobaki.

Nne, tarehe yenye sababu

"Naomba mrejesho mapema iwezekanavyo" haimfungi mtu yeyote. Tarehe kavu nayo, "naomba kufikia Ijumaa", inasikika kama amri. Kinachoiondolea ukali ni sababu ambayo msimamizi anaijua ni ya kweli.

Kwa mwanafunzi wetu sababu ni msimu. Anataka kuwakuta wakulima wakati wanapeleka kahawa chamani, na upande wa Kilimanjaro mavuno huanza kushika kasi kuanzia Julai hivi. Kabla ya hapo anahitaji barua ya chuo, aipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ishuke wilayani, kata na kijiji mpaka kwenye ofisi ya chama. Ngazi hizo zinakula muda. Akihesabu kurudi nyuma kutoka Julai, pendekezo lazima liwe limefika idarani mwishoni mwa Aprili, na maswali ya sura ya kwanza yawe yamejibiwa Machi. Anaandika barua Jumatatu ya tarehe 2 Machi na kuomba jibu kufikia Jumatatu, tarehe 23: wiki tatu kamili. Chuo chako kikiwa kimetaja muda wa msimamizi kujibu, fuata huo. Pungufu ya wiki mbili kwa sura nzima sikushauri uombe, labda mmekubaliana kwa mdomo.

Tano, mafaili

Tuma mawili: la Word ili aandike maoni ndani, na PDF ya sura hiyo hiyo. Wasimamizi wengi hufungulia barua kwenye simu, na Word kwenye simu hubadilisha mpangilio, kiasi kwamba ukurasa wa 9 wa kwako unaweza kuwa wa 11 wa kwake. PDF haihami. Kwa hiyo namba zote za kurasa unazozitaja kwenye barua zitoe kwenye PDF, na uzitoe baada ya kuitengeneza. Ukirudi kuongeza aya moja baada ya hapo, namba zako zote zimeharibika.

Jambo dogo ninalolipenda sana ni namba za mistari. Kwenye Word nenda:

```
Layout > Line Numbers > Restart Each Page
```

Hapo msimamizi anaweza kukwambia kwa simu "ukurasa wa 9, mstari wa 14" na wote mkawa mnatazama mahali pamoja. Ziondoe tu siku ya kuwasilisha rasmi.

Faili lipe jina linaloeleweka likiwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine. "Chapter one final final.docx" ziko tele kwenye kompyuta yangu, na sijui ni za nani. Andika hivi, jina la ukoo likiwa lako:

```
Sura1_JinaLaUkoo_Toleo1_2Machi.docx
```

Kiungo cha Google Docs kitume ikiwa tu msimamizi mwenyewe anapenda kufanyia kazi huko, na ukifungue kwanza kwa akaunti nyingine. Nimefungua viungo vingi vinavyonionyesha "Request access" saa tano usiku, na asubuhi yake nimeshasahau.

Salamu na lugha

Tasnifu nyingi hapa, kuanzia vyuo vya Moshi hadi Nelson Mandela kule Tengeru, huandikwa kwa Kiingereza. Barua si lazima. Andika kwa lugha mnayozungumza na msimamizi wako ofisini. Kama ni Kiswahili, basi Kiswahili, na istilahi za sura ziache kama zilivyo kwenye sura. Barua ya Kiingereza cha kujikaza mara nyingi huficha swali ambalo kwa Kiswahili lingetoka kwa sentensi moja.

Kama yeye ni mkubwa kwako, "Shikamoo Dokta" au "Shikamoo Profesa" ni salamu tosha. Wanafunzi wengi wa uzamili ni walimu na maofisa wa miaka arobaini na zaidi, na msimamizi anaweza kuwa mdogo wao. Hapo "Habari za kazi, Dokta" ndiyo inayokaa vizuri, kwa kuwa cheo kinabaki na hakuna anayeona haya. Salamu iwe mstari mmoja. Habari za familia, mvua na safari mtaulizana mkikutana.

Barua yenyewe

Kichwa cha barua kitaje sura, idadi ya maswali na tarehe, maana ndicho kinachoonekana kwenye orodha ya barua mia mbili ambazo hazijasomwa.

> Kichwa: Sura ya 1, toleo la 1: maswali matatu, naomba maoni kufikia 23 Machi (jina, namba ya usajili)
>
> Shikamoo Dokta,
>
> Nimeambatisha sura ya kwanza ya tasnifu yangu kuhusu wanachama wa AMCOS wanaouza kahawa nje ya chama (kurasa 19, Word na PDF). Tangu tulipozungumza Januari nimebadilisha jambo moja kubwa: nimeacha kulinganisha ushirika na wanunuzi binafsi, kama ulivyoshauri, nimebaki na wanachama wenyewe.
>
> Naomba maoni yako katika mambo haya matatu. Kurasa ni za PDF.
>
> 1. Tamko la tatizo, uk. 6–7. Limebeba sababu mbili: malipo ya pili kuchelewa, na wanachama kutowaamini viongozi. Naelekea kubaki na malipo peke yake kwa sababu tarehe zake zimo kwenye vitabu vya chama na ninaweza kuzipima. Hofu yangu ni kwamba nikiiacha imani nitakuwa nimeacha sababu yenyewe. Je, nibaki na malipo tu?
>
> 2. Lengo mahsusi la tatu, uk. 9, mstari wa 14–17. Linahusu wanawake kushiriki mafunzo ya kilimo cha kahawa, na sioni linavyotokana na tatizo. Naelekea kuliandika upya liulize ni nani ndani ya kaya anayeamua kahawa iuzwe wapi. Je, linafaa hivyo, au niliondoe?
>
> 3. Eneo, uk. 12. Nimetaja wilaya za Hai na Moshi, lakini uwezo wangu ni AMCOS nne. Naelekea kubaki Hai peke yake. Je, jopo litaona eneo ni dogo?
>
> Kama muda ni mfinyu, swali la 1 ndilo linalonizuia kuanza sura ya pili.
>
> Sehemu ya 1.7 bado ni rasimu na marejeo sijayapanga. Hayo yanaweza kusubiri.
>
> Ikiwezekana naomba maoni kufikia Jumatatu, 23 Machi, ili pendekezo lifike idarani mwishoni mwa Aprili na nipate vibali kabla ya msimu wa kahawa kuanza Julai. Ukiona ni rahisi zaidi kuzungumza, naweza kuja ofisini siku yoyote mchana isipokuwa Jumatano, au unitumie ujumbe wa sauti.
>
> Ahsante sana,
> (Jina kamili, namba ya usajili, programu, namba ya simu)

Angalia sentensi inayosema "kama muda ni mfinyu". Inampa msimamizi ruhusa ya kujibu moja tu bila kujisikia vibaya, na wewe unapata lile unalolihitaji. Angalia pia ile inayotaja mazungumzo ya Januari. Msimamizi hakumbuki alichokwambia. Mkumbushe kwa maneno machache, vinginevyo anaweza kukushauri urudishe kile kile alichokwambia ukitoe.

Ukiwa na wasimamizi wawili, mkuu aende kwenye "To" na wa pili kwenye "Cc", barua iwe moja. Ukiwatumia kila mmoja kivyake utapata mashauri mawili yanayopingana, na utakayemfuata utakuwa umemwudhi mwenzake. Swali likiwa la fani ya mmoja wao, liseme ndani ya barua: "Swali la 3 nalielekeza zaidi kwa Dkt. wa pili, mwenye uzoefu wa sampuli." Ila wasiliana na mkuu kwanza kama yeye hupenda kuiona kazi kabla ya mwingine. Wapo wanaopenda hivyo.

Kabla ya kubonyeza "Send", ambatisha mafaili kwanza kisha ndipo ujaze anwani, yafungue mafaili kutoka ndani ya barua uone ni yenyewe, halafu soma tahajia ya jina la msimamizi kwa mara ya mwisho.

Ikifika tarehe na kimya

Subiri siku mbili tatu. Kisha jibu ndani ya barua ile ile uliyotuma, ili mafaili na maswali yawe chini yake, na usiandike upya yote:

> Shikamoo Dokta. Nakumbushia sura ya kwanza niliyotuma tarehe 2 Machi. Kwa sasa swali la 1 peke yake (uk. 6–7) linatosha: nibaki na malipo tu, au niweke na imani kwa viongozi? Naweza kupita ofisini Alhamisi saa nane mchana kama utakuwepo.

Wengine hujibu kwa WhatsApp au kwa maneno mlangoni, wakiwa na funguo mkononi. Jibu la namna hiyo ni halali kabisa, lakini siku hiyo hiyo rudi kwenye barua pepe uandike ulichokielewa: "Dokta, kwa mazungumzo ya leo nimeelewa hivi: nabaki na malipo ya pili kama tatizo kuu, imani kwa viongozi naiingiza kama kigezo kimojawapo kwenye lengo la pili, na eneo linakuwa Hai. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Msimamizi wa pili aendelee kuwa kwenye "Cc". Na toleo la pili la sura utakalolituma baadaye liende kwenye uzi huo huo wa barua, faili likiitwa Toleo2, na mstari mmoja unaosema kurasa zipi zimebadilika.